Kuchapa Mnyororo Usiogandana

Mnyororo wa chuma hutengenezwa kwa kukunja pete moja, kuipitisha ndani ya nyingine, kisha kuichomelea. Printa ya 3D haina mkono wa kupitisha kitu ndani ya kingine. Kazi yake ni kuchora tabaka juu ya tabaka kwa plastiki iliyoyeyuka, kwa hiyo mnyororo wake huzaliwa pete zikiwa zimeshapitana, zote kwa pamoja, kuanzia tabaka la chini hadi la juu kabisa. Kazi ikiisha unaubandua, unautikisa, nao unacheza. Au hauchezi hata kidogo: umbo ni la mnyororo, lakini ulichoshika ni kipande kimoja cha plastiki.

Kinachoamua ni hewa iliyoachwa kati ya sehemu na sehemu. Mwanya ukiwa mdogo mno, plastiki ya upande mmoja inagusa ya upande wa pili ingali moto na zinashikana. Ukiwa mkubwa mno, mnyororo unalegea, unayumba, na mwisho unachomoka. Kati ya makosa hayo mawili kuna sehemu chache sana za milimita, na anayechora mnyororo kwenye kompyuta ndiye anayepaswa kuzigawa kabla printa haijawashwa.

Hesabu za hapa ni za printa ya uzi wa plastiki, aina ambayo ndiyo imeenea zaidi majumbani na katika karakana ndogo. Tundu la pua yake lina kipenyo cha milimita 0.4, kila tabaka lina kimo cha milimita 0.2, na plastiki ni PLA. Ukibadilisha kimojawapo, hesabu nayo inabadilika.

Tuanze na mnyororo mwepesi kuliko yote, ule wa pete za duara dufu, kwa sababu una siri ambayo wengi hawaioni. Chukua pete yenye urefu wa milimita 24 na unene wa milimita 4. Ukitoa unene wa ncha zote mbili, tundu lake la ndani linabaki na urefu wa milimita 16. Ukipanga pete hizi kwenye kompyuta zikiwa zimepishana milimita 16 kutoka kitovu hadi kitovu, ncha ya pete moja itagusa ncha ya pete ya pili, na mnyororo umegandana kabla ya kuchapwa. Ukizisogeza hadi 15.6, umepata mwanya wa milimita 0.4. Lakini kwa nini ujibane hivyo? Zisogeze hadi 14. Sasa mwanya ni milimita 2 nzima, na mnyororo ukishatoka ukauvuta, pete zinakwenda zenyewe hadi zinakutana. Pete hazihitaji kukaribiana wakati wa kuchapwa, zinahitaji tu kuwa zimepitana. Mtu anayechapa mnyororo wa pete ukamgandia, mara nyingi ameupanga ukiwa umevutwa, kama utakavyokaa shingoni, badala ya kuupanga ukiwa umelegea.

Lililobaki kwa mnyororo huo ni namna ya kuulaza. Pete moja inainamishwa nyuzi 45 upande wa kulia, ya pili nyuzi 45 upande wa kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho, na tako la kila pete linakatwa bapa ili lishike bamba la printa. Kwa mlalo huo kila pete inaanzia chini kwenye bamba na kupanda taratibu, wala hakuna inayoanzia hewani.

Ugumu wa kweli unaanza pale mnyororo unapokuwa bapa, wenye vipande vilivyoungwa kwa bawaba, kama mkanda wa saa au mwili wa kiwavi wa kuchezea. Bawaba huwezi kuilegeza milimita 2, kwa sababu pini ikipata nafasi hiyo inachomoka kwenye tundu lake. Hapo lazima mwanya uwe mdogo, na ukiwa mdogo unahitaji kuelewa kila kitu kinachoula.

Kwanza, kwa nini pini ya duara haifai

Mtu anapochora bawaba kwa mara ya kwanza huchora pini ya duara iliyolala, ikiwa ndani ya tundu la duara, na mwanya ulio sawa pande zote. Kwenye skrini inapendeza. Ifuatilie sasa inavyochapwa. Printa inajenga sakafu ya tundu, inaacha tabaka mbili tupu, halafu inafika mahali ambapo pini inaanza. Mstari wa kwanza wa pini unachorwa hewani. Umeshikwa upande mmoja tu, pale pini inapotoka kwenye kipande chake. Ncha ya pili haina kitu cha kuegemea. Uzi wa moto unaning'inia, unashuka, unalala juu ya sakafu ya tundu na kushika. Tabaka linalofuata linaujengea juu. Ukija kugeuza bawaba, tumbo la pini limekuwa kitu kimoja na sakafu.

Ukisema uongeze mwanya, sakafu itakuwa mbali zaidi lakini tumbo la pini bado litachorwa hewani, na uzi utashuka zaidi. Tatizo liko kwenye umbo, na tiba yake ni kuacha duara na kutumia koni.

Koni iliyolala, yenye kitako kwenye kipande chake na ncha ikielekea nje, ina mteremko wa nyuzi 45 pande zote. Upande wake wa chini, kila tabaka linatokeza nje kuliko lililo chini yake kwa kiasi sawa na kimo cha tabaka, yaani milimita 0.2. Mstari wa plastiki una upana wa milimita 0.45 hivi, kwa hiyo zaidi ya nusu yake imelala juu ya plastiki iliyokwisha kuganda na isiyofika nusu ndiyo inayotokeza hewani. Hilo printa yoyote iliyo sawa inaliweza bila kuwekewa nguzo. Kishimo kinachoipokea koni nacho kina dari yenye mteremko huohuo, kwa hiyo dari inajijenga kwa namna hiyohiyo.

Mnyororo wenyewe, kwa vipimo

Tuchore mnyororo bapa wa vipande tisa. Kila kipande kina kimo cha milimita 12. Upande wa nyuma kina ulimi wenye upana wa milimita 10. Upande wa mbele kina mashavu mawili, kila moja na unene wa milimita 5, yanayoukumbatia ulimi wa kipande kinachofuata. Kila ubavu wa ulimi una koni, na kila shavu lina kishimo upande wa ndani. Kitovu cha koni kiko katikati ya kimo, milimita 6 juu ya bamba. Koni ina kitako cha kipenyo cha milimita 7, urefu wa milimita 3, na ncha iliyokatwa bapa yenye kipenyo cha milimita 1.

Kati ya ubavu wa ulimi na shavu tunaacha milimita 0.4 kila upande. Hizi ni kuta zilizosimama wima, na mwanya kati ya kuta za wima ndio rahisi kuliko yote kwa sababu hakuna kinachoning'inia juu ya kingine. Milimita 0.4 ni mahali pazuri pa kuanzia. Printa iliyotunzwa vizuri inaweza kushuka hadi 0.3. Ikifika 0.2 printa nyingi za kawaida zinagandisha, kwa sababu mstari wa plastiki hautoki na upana uleule kila mahali. Unanenepa kidogo pua inapopunguza mwendo kwenye kona, na mikanda inayosogeza pua ikilegea, ukuta unayumba.

Mtego mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwenye koni. Mchoraji anachukua umbo la koni, analinakili kuwa kishimo, kisha analisogeza shavu nje kwa milimita 0.4. Anaamini ameacha mwanya wa 0.4 kila mahali. Sivyo. Kati ya ubavu na shavu ni 0.4 kweli, lakini kwenye mteremko wa nyuzi 45, nyuso mbili zikitenganishwa kwa kusogezwa upande, umbali wa kweli kati yao, ule wa njia fupi, ni pungufu: 0.4 ugawanye kwa kipeuo cha pili cha 2, unapata milimita 0.28. Pahali penye mzunguko, pale ambapo plastiki inatokeza hewani na kushukashuka, ndipo penye mwanya mwembamba kuliko pote. Mtu anapima kuta zake, anaona 0.4, anashangaa bawaba imegandia wapi.

Ukitaka 0.4 ya kweli kwenye mteremko, uso wa kishimo lazima usogee mbali na uso wa koni kwa 0.4 mara 1.41, yaani milimita 0.57. Kwa mnyororo wetu maana yake kishimo hakiwi nakala ya koni. Mdomo wake unakuwa na kipenyo cha milimita 7.3 hivi, kina chake milimita 3.17, na sakafu yake kipenyo cha milimita 1. Shavu la milimita 5 linabaki na ngozi ya milimita 1.8 nyuma ya kishimo, inatosha. Ukipima wima, kati ya tumbo la koni na kishimo sasa kuna karibu matabaka matatu ya hewa, mahali ambapo nakala ya kawaida ingekupa mawili.

Nafasi hiyo ina bei. Kwenye mteremko wa nyuzi 45, ukimsogeza jirani milimita 0.57 kando, umempa uhuru wa 0.57 vilevile wa kwenda mbele na nyuma. Kila kiungo kinaweza kunyooka na kusinyaa jumla ya milimita 1.1 hivi. Vipande tisa vina viungo vinane, kwa hiyo mnyororo mzima unacheza karibu milimita 9 kati ya kusukumwa na kuvutwa. Kwa kiwavi wa mtoto hilo ni zuri, linampa uhai. Kwa mkanda wa saa ni uzembe, na hapo utataka kuteremka hadi 0.3 ukikubali kwamba baadhi ya majaribio yatagandana.

Je, koni itachomoka? Imetokeza milimita 3 kutoka kwenye ulimi, inavuka mwanya wa 0.4, inabaki na milimita 2.6 ndani ya shavu. Ulimi ukisukumwa wote upande mmoja, koni ya upande wa pili bado imeingia milimita 2.2. Iko salama. Lakini mwanya wa ubavu ukiwa 0.8 badala ya 0.4, hesabu hiyohiyo inakupa milimita 1.4 tu, na mashavu ya plastiki yakivutwa yanapanuka kidogo. Hapo ndipo minyororo iliyolegezwa kwa hofu ya kugandana inapoanza kukatika mikononi mwa watoto.

Kuna kugandana kwingine ambako si kugandana. Kiungo kiko huru, ukikitikisa kinachezacheza, lakini hakikunji. Sababu ni kona za ulimi. Ulimi wenye kimo cha milimita 12 na ncha ya mraba iliyo milimita 6 mbele ya kitovu una kona zilizo milimita 8.5 kutoka kitovuni. Ukiugeuza, kona inagonga ukuta ulio nyuma yake. Kuizungushia ncha nusu duara kungetatua hilo, ila tumbo la nusu duara lingekuwa karibu sambamba na bamba, na tumerudi kwenye ugonjwa wa pini. Kata kona zote mbili mshazari wa nyuzi 45, milimita 3.5 kila upande. Ncha inakuwa nusu ya umbo la pembe nane, kona yake ya mbali iko milimita 6.5 kutoka kitovuni, na chini inabaki na sehemu bapa ya milimita 5. Ukuta wa nyuma uweke milimita 7.2 kutoka kitovuni: 6.5 za kona, 0.57 za ule uhuru wa mbele na nyuma, na kidogo cha ziada. Ncha za mashavu nazo zifanyie vivyo hivyo, maana nazo zinazunguka mbele ya bega la kipande kinachofuata.

Tabaka la kwanza

Ukifanya yote hayo vizuri bado mnyororo unaweza kutoka mgumu, na ukiugeuza utaona kosa limeandikwa chini yake. Tabaka la kwanza huchapwa kwa namna yake. Pua inakaribia bamba kuliko kawaida ili plastiki ishike, bamba lina joto la nyuzi 60 hivi, na feni bado imezimwa. Plastiki inafanya kile kinachofanywa na donge la chapati chini ya mpini: inatanuka pembeni. Kuvimba huku, ambako watumiaji wa printa hukuita mguu wa tembo, kunaweza kufika milimita 0.2 au zaidi kila upande. Ulimi ukivimba 0.2 na shavu likivimba 0.2, mwanya wa 0.4 umekwisha. Juu pako wazi, chini pameshonwa mstari mzima.

Dawa iliyo bora iko kwenye mchoro. Kata mshazari kila ukingo wa chini unaotazama mwanya, milimita 0.5 kwa milimita 0.5, kwa ulimi na kwa mashavu. Kwenye tabaka la kwanza mwanya unaanzia karibu milimita 1.4, na kadiri kuta zinavyopanda unakaribiana hadi 0.4, wakati huo plastiki imeshaacha kuvimba. Dawa ya pili iko kwenye slaisa, programu inayoukata mchoro kuwa matabaka. Katika PrusaSlicer kipengele hicho kinaitwa `Elephant foot compensation`, katika Cura ni `Initial Layer Horizontal Expansion`, ambacho ili kipunguze unakiandikia namba hasi. Mimi napendelea mshazari, kwa sababu unasafiri na faili. Ukimpa mwenzako mchoro, printa yake haijui uliweka nini kwenye slaisa yako.

Mahali mstari unapoanzia

Kila tabaka la ukuta ni mstari unaozunguka na kurudi ulikoanzia. Pale unapoanza na kuishia panabaki kinundu kidogo cha plastiki. Kwa kikombe ni doa tu. Kwa mwanya wa milimita 0.4, vinundu vilivyopangana tabaka juu ya tabaka ni mshono kamili unaoweza kuvuka hadi upande wa pili.

Cha kuudhi ni kwamba slaisa, kwa nia njema, hupenda kuficha mshono kwenye kona zilizoingia ndani, kwa sababu hapo hauonekani. Kwenye bawaba yetu kona iliyoingia ndani ni ipi? Ni pale koni inapokutana na ubavu wa ulimi, ndani kabisa ya mwanya. Programu inaficha uchafu mahali pale pale tusipotaka kitu. Slaisa nyingi zina brashi ya kupaka rangi mahali mshono unaporuhusiwa na mahali unapokatazwa. Paka ukingo wa mbele wa ulimi au mgongo wa shavu kuwa mahali pa mshono, kisha pitia matabaka mojamoja kwenye skrini ukiangalia vile vidoa vya mshono viko wapi. Ukiwa hapohapo, tazama tabaka la katikati ya koni: unapaswa kuona mstari mweupe wa hewa usiokatika kati ya ulimi na shavu. Ukikatika kwenye skrini, utakatika kwenye bamba.

Jaribu viungo viwili kabla ya tisa

Usichape mnyororo mzima kwanza. Chapa vipande viwili vilivyoungwa, halafu jozi hiyohiyo kwa mianya mingine: 0.2, 0.3, 0.4 na 0.5, zote kwa pamoja, kila jozi ikiwa na namba yake iliyochongwa mgongoni. Jozi zichapwe kwa plastiki ileile na kimo kilekile cha tabaka, na zilale kama zitakavyolala kwenye mnyororo. Kipimo kilichotoka kwenye jaribio la kuta za wima hakikwambii kitu kuhusu mteremko wa koni.

Subiri bamba lipoe kabla ya kubandua. PLA inaanza kulainika karibu na nyuzi 60, na kukunja kiungo kikiwa cha moto ni kukikandamiza kisimame vibaya. Kikishapoa, shika jozi kwa vidole vya mikono miwili na ukigeuze kidogo huku na huku. Kiungo kizuri kinatoa mlio mdogo mkavu, nyuzi nyembamba zilizovuka mwanya zinakatika, kisha kinalegea. Kikiwa kigumu usikilazimishe hadi mwisho. Angalia rangi: plastiki ikianza kuwa nyeupe kwenye shingo ya ulimi, ujue ulimi ndio unaokunjika na kiungo hakijasogea.

Kilichokataa kabisa usikitupe, kivunje. Penyeza bisibisi bapa kati ya shavu na ulimi, lipasue shavu, na utazame nyuso za ndani chini ya mwanga. Mahali palipogandana panaonekana kama kovu, uso uliochanika na kuwa mkwaruzo. Kovu likiwa mstari wa chini kabisa ukizunguka ukingo, ni tabaka la kwanza: ongeza mshazari. Likiwa mstari mmoja wa wima mahali pamoja, ni mshono: uhamishe. Likiwa kwenye tumbo la koni au kwenye dari ya kishimo, plastiki imeshuka: ongeza nguvu ya feni, punguza joto la pua nyuzi 5 au 10, au ongeza mwanya wa mteremko peke yake. Nyuso zote zikiwa zimekwaruzika kidogo kidogo kila mahali, basi printa inatoa plastiki nyingi kuliko inavyopaswa, na hapo rekebisha kiwango cha plastiki kwanza kabla ya kugusa mchoro. Kijana mmoja aliniletea mnyororo wake akisema, "Kaka, nimeongeza mwanya mpaka nimechoka." Tulipopasua kiungo, mteremko ulikuwa safi. Kovu lilikuwa chini tu, unene wa tabaka mbili.

Plastiki nazo hazifanani. PETG inachapwa kwa joto kubwa zaidi, nyuzi 230 hadi 250, na kwa feni ndogo, kwa hiyo inakaa laini muda mrefu na inapenda kushikana na jirani yake. Anza nayo kwenye 0.5. Na kwa wanaochapa Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, kuna unyevu. Uzi wa plastiki hunywa maji kutoka hewani. Ukipita kwenye pua ya nyuzi 200, maji yanageuka mvuke, unasikia vilio vidogo vya kupasuka, na plastiki inadondoka yenyewe na kuacha utando wa nyuzi kila pua inaporuka kutoka ulimi hadi shavu. Utando huo unajaza mwanya hata kama mchoro ni sahihi. Kausha PLA kwa joto la nyuzi 45 hadi 50 kwa saa kadhaa, kisha hifadhi kwenye chombo kinachofunga, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu.

Ziko printa zisizo na shida hii ya kuning'inia. Mwaka 2014 studio ya Nervous System, wakati huo ikiwa Massachusetts, Marekani, ilichapa gauni lenye vipande vya pembetatu 2,279 vilivyoungwa kwa bawaba 3,316, yote kwa mkupuo mmoja, likiwa limekunjwa ndani ya mashine. Jumba la sanaa la MoMA la New York lililichukua kwa mkusanyo wake. Mashine iliyolichapa hutumia unga wa nailoni unaounganishwa kwa leza, na unga ambao haukuguswa na leza unabaki palepale ukishikilia kila kitu kilicho juu yake. Hakuna kinachochorwa hewani, wala hakuna mguu wa tembo. Mwanya huko unatakiwa kwa sababu nyingine: unga uliobaki ndani ya bawaba lazima upate njia ya kutoka.

Kwa printa ya uzi, mnyororo wetu wa vipande tisa wenye umbali wa milimita 22 kutoka kiungo hadi kiungo unafika urefu wa milimita 210, na unaingia kwa shida kwenye bamba la milimita 220 kwa 220 ambalo printa nyingi ndogo zinalo. Ukitaka mrefu zaidi, usijaribu kuchapa nusu mbili na kuziunga kwa gundi. Upange kwa kona kwenda kona, au uukunje kama nyoka kwa kuchora vipande viwili vya kona vyenye umbo la U, ukiacha angalau milimita 3 kati ya mistari inayopita sambamba ili kisu kipate pa kuingia wakati wa kubandua. Kipande cha kona chapa peke yake kwanza, pamoja na jirani zake wawili, kwa sababu kwenye kona koni zake zinaelekea upande mwingine wa bamba, na mkanda wa printa uliolegea mara nyingi hujionyesha katika mwelekeo mmoja tu.